Madokezo ya usomaji: alama za kunukuu na namba ya ukurasa viandikwe papo hapo

*Swali: "Nikirudi kwenye madokezo yangu baada ya muda, sijui tena sentensi ipi ni yangu na ipi niliitoa kitabuni. Mnaandikaje madokezo ili rasimu isije ikawa na wizi wa maandishi bila mtu kukusudia?"*

Ndugu, katika kusoma rasimu za wenzangu na kuandika za kwangu, nimeona kwamba dondoo ndefu lililonakiliwa neno kwa neno si hatari sana, kwa sababu mtindo wake hulifichua. Hatari kubwa ni dokezo lililobadilishwa nusu: maneno mawili matatu yameguswa, mengine yamebaki ya mwandishi, na hakuna alama yoyote inayoonyesha mpaka.

Tuchukue sentensi niliyoitunga kwa ajili ya mfano, tuseme inaanza chini ya ukurasa wa 112 na kuishia juu ya ukurasa wa 113: "Mkulima haing'ang'anii mbegu ya asili kwa ujinga, bali kwa kuwa anaijua tabia yake mvua inapochelewa." Msomaji mwenye haraka huandika daftarini: *wakulima hawang'ang'anii mbegu ya asili kwa ujinga, wanaijua tabia yake mvua inapochelewa*. Siku anapoandika kitu hicho anakumbuka vizuri kimetoka wapi, lakini miezi ikipita ataisoma sentensi hiyo, ataipenda, na ataihamishia kwenye rasimu akiamini ni yake. Hata akiongeza jina la mwandishi na ukurasa, kosa halijaisha, kwa kuwa kutaja chanzo bila alama za kunukuu humwambia msomaji kwamba wazo ni la mwandishi yule ila maneno ni yako.

Mimi huandika dokezo la namna hiyo hivi:

```
N  "Mkulima haing'ang'anii mbegu ya asili kwa ujinga,
   bali kwa kuwa | anaijua tabia yake mvua
   inapochelewa." (kur. 112–113)
M  Kushikilia mbegu za zamani ni uamuzi wa mtu mwenye
   uzoefu, anayejua zitakavyomfaa msimu ukiharibika.
   (kur. 112–113)
Y  Je, hoja hii inamhusu pia mkulima anayeanza?
```

N ni nukuu, M ni maelezo kwa maneno yangu, na Y ni wazo langu mwenyewe, ambalo halina ukurasa kwa sababu halikutoka kitabuni. Ninapoandika N, ninafungua alama za kunukuu kabla sijaandika neno la kwanza, kwa maana anayesubiri kuziweka mwishoni huja akakatizwa na simu au mgeni, asizirudie tena. Mstari ule wima unaonyesha mahali ukurasa ulipogeuka, ili baadaye nikihitaji nusu ya pili tu, nijue bila kufungua kitabu kwamba ni uk. 113. Neno nililoliacha ninalionyesha kwa nukta tatu, na nililoliongeza ninalitia kwenye mabano ya mraba, papo hapo daftarini.

Dokezo la M ndilo linalohitaji subira. Ninasoma aya, ninafunga kitabu, ninaandika nilichoelewa, kisha ninakifungua tena na kulinganisha. Ninatafuta mambo mawili: kama nimepotosha maana, na kama kuna fungu la maneno lililoniganda kichwani. "Tabia yake mvua inapochelewa" ni fungu la namna hiyo. Likijitokeza kwenye M, ama ninalitilia alama za kunukuu, ama ninaijenga upya sentensi nzima, kwani kubadilisha neno moja kwa kisawe chake huacha mjengo wa mwenyewe palepale.

Kuhusu namba yenyewe, andika ile iliyochapwa kwenye ukurasa, si ile inayoonyeshwa na programu ya kusomea faili. Makala inayoanzia uk. 201 wa jarida inaweza kuonekana kwenye skrini kama ukurasa wa 1, na kitabu chenye dibaji ndefu huwa na tofauti ya kurasa kadhaa. Juu ya kila kundi la madokezo andika pia mwaka na toleo, kwa kuwa toleo jingine linaweza kuwa na mpangilio tofauti wa kurasa. Kitabu cha kielektroniki kisicho na kurasa maalumu, andika sura na uhesabu aya.

Wakati wa kuhamishia kwenye rasimu, dokezo liende na herufi yake, alama zake na mabano yake yote, hata kama sentensi itaonekana mbaya kwa muda. Mimi huziondoa herufi hizo siku ya mwisho kabisa, baada ya kila N kulinganishwa na kitabu chenyewe. Nikikuta sentensi isiyo na herufi wala ukurasa, nayo inasomeka kwa ulaini kuliko jirani zake, ninatafuta fungu lake la maneno ndani ya madokezo yote na ndani ya vyanzo nilivyo navyo. Nisipolipata na bado nina shaka, sentensi hiyo ninaifuta na kuandika nyingine.