Nilivyoangushwa na kubahatisha ngeli

Mwezi uliopita nilifaulu mtihani wa Kiswahili wa kuombea kazi ya kutafsiri hapa Kampala, ule ule ulioniangusha mwaka jana. Bado naumia nikiukumbuka ule wa kwanza. Maswali 40 ya sarufi, kila moja lina majibu manne. Ukipata, alama 1. Ukikosa, unakatwa nusu. Ukiacha wazi, hukatwi. Alama ya kupita ilikuwa 20. Nilikuwa na hakika na maswali 22 na yote niliyapata. Yale 18 yaliyobaki niliyabahatisha: nikapata manne, nikakosa 14. Nne kutoa saba, nikabaki na 19. Ningeweka kalamu chini, ningepita.

Nyumbani nilikaa na daftari hadi nikaielewa hesabu yake. Kwanza futa majibu unayojua si sahihi, kisha hesabu yasiyo sahihi yaliyobaki, uyazidishe kwa makato. Ikizidi 1, acha wazi. Ikiwa 1 kamili, kwa wastani hupati wala hupotezi. Ikipungua, jibu. Kwangu, bila kufuta lolote, ni 3 mara nusu, yaani 1.5: hasara. Nikifuta moja, inakuwa 1. Nikifuta mawili, nusu tu, na hapo kila swali linanipa robo alama kwa wastani.

Tazama swali hili: "Nyufa ___ zimeonekana ukutani." Majibu: mkubwa, makubwa, kubwa, zikubwa. Kitenzi kimeanza na zi-, kwa hiyo "mkubwa" ya ufa mmoja inatoka, na "makubwa" inayodai ya- inatoka pia. Sikujua kama kivumishi nacho huchukua zi-. Hata hivyo yamebaki mawili, najibu. (Sahihi ni "kubwa", kama nyumba kubwa.)

Lakini ndugu zangu, futeni kwa kanuni, msifute kwa sikio. Sisi wa Kampala tunasikia "kiti yangu" na "kuimba yake" kutwa nzima, stendi na sokoni. Ukiletewa "Kuimba ___ kunapendeza", sikio litaifuta "kwake" kwa sababu inasikika ngeni, na ndiyo jibu lenyewe. Ukifuta jibu sahihi, hesabu yote imeharibika na hutajua. Mimi sasa sifuti mpaka niweze kutaja kiambishi kinachokataa, kama ku- hiyo ya "kunapendeza".

Someni pia maelezo ya juu ya karatasi kabla ya swali la kwanza. Makato yakiwa alama nzima, hata yakibaki mawili hesabu ni 1, hakuna faida. Yakiwa robo kwa majibu matano, kufuta moja tu kunatosha.

Safari hii nilikuwa na hakika na 25, nayo niliyapata yote. Sita niliyafikisha kwenye majibu mawili, nikapata matatu na kukosa matatu. Tisa niliyaacha wazi, ingawa mkono uliwasha. Nikatoka na 26.5.