Meneja wa wapi?

"Mbona tangazo moja la kazi ya Meneja Utawala linataka uzoefu wa mwaka mmoja, na jingine miaka minane?"

Ndugu, serikalini ngazi ziko wazi: mwenye shahada huanzia Afisa Daraja la II, kisha Daraja la I, Mwandamizi, Mkuu. Kampuni binafsi hujipangia majina zenyewe. Ofisi ya watu sita hapa Area C, Dodoma, inaweza kumwita meneja mtu anayeagiza karatasi na kuandaa malipo ambayo mkurugenzi ndiye anayasaini. Meneja wa taasisi kubwa ana maafisa chini yake na bajeti anayoidhinisha mwenyewe. Kwa hiyo ruka jina, soma majukumu: anaripoti kwa nani, anasimamia wangapi, anaidhinisha fedha kiasi gani. Tangazo lisipotaja wasaidizi wala bajeti, mimi humlinganisha meneja huyo na Daraja la II, halafu nauliza kwenye usaili.