Ondoeni "kama ujuavyo" midomoni mwa wahusika

Swali: "Tamthilia yangu inaanza kivukoni Likoni. Mama na mwanawe wanaelezana kwamba baba alikwenda Omani, kwamba shamba lina deni na kwamba kijana naye anataka kusafiri. Mkufunzi ameniambia mtazamaji aelezwe yote mwanzoni. Je, niongeze na msimulizi?"

Usimsikilize mkufunzi huyo. Nami nilifundishwa hivyo hivyo katika warsha moja hapa Mombasa, na aliyetufundisha alishikilia kwamba mtazamaji wa Pwani hana subira, kwa hiyo kila siri itolewe kabla hajatulia kitini. Ushauri huo uliua mchezo wetu mzima, na hadi leo unaniudhi, kwa sababu unamdharau mtu yule yule aliyelipa kiingilio.

Mchezo ule ulihusu ndugu wawili na nyumba ya urithi iliyoko Kibokoni. Katika onyesho la kwanza, Faraji alimwambia dadake: "Kama ujuavyo, Rukia, marehemu baba alituachia nyumba hii, nami niliiweka rehani ili ninunue gari la biashara, na sasa hati iko benki." Rukia amezaliwa katika nyumba hiyo na baba alikuwa babake pia, kwa hivyo nusu ya sentensi hiyo haikuwa na mtu wa kuisikiliza jukwaani. Nusu ya pili ilikuwa na hasara kubwa zaidi, maana onyesho la mwisho lilitegemea Rukia kufungua sanduku na kulikuta tupu. Alipolifungua, watazamaji walikuwa wanazungumza mambo yao. Walijua tangu mwanzo kwamba hakuna hati humo.

Tulipouandika upya, sanduku tulilileta mwanzoni, na kila mmoja tukampa jambo analolitaka dakika ile ile. Rukia anautaka ufunguo, na Faraji anataka sanduku lisifunguliwe.

"Ufunguo uko wapi?"
"Wautakia nini? Kahawa yapoa."
"Karani wa kadhi ataka kuiona hati kesho."
"Mpelekee nakala."
"Ataka yenyewe. Ufunguo, Faraji."
"Na hilo gari hapo nje, si nawe hulipanda?"
"Gari sijakuuliza."

Hapo Faraji anaketi juu ya sanduku. Hakuna aliyetaja kifo, lakini suala la urithi limekwishafika kwa kadhi, kwa hiyo mtazamaji anajua mzee hayupo. Hakuna aliyetaja rehani, lakini mtu aliyeulizwa ufunguo akajibu kwa kulitetea gari amekwisha kujifichua, na dadake anang'amua wakati ule ule tunaong'amua sisi. Jina la benki na kiasi cha mkopo havimo, na hakuna aliyevikosa.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: mhusika asimwambie mwenzake jambo ambalo mwenzake analijua, ila pale anapolitumia kumpokonya kitu, kumzuia au kumuumiza. Kuijaribu ni rahisi. Ifute sentensi, kisha uwasomeshe waigizaji onyesho lote. Ikiwa ugomvi unakwenda vile vile, sentensi hiyo ilikuwa inazungumza na ukumbi. Ikiwa anayefuata hana tena la kujibu, irudishe.

Jihadhari pia na dawa ya uongo, nayo ni kuyachukua maelezo yale yale na kuyapigia kelele. "Wewe uliyeiweka rehani nyumba aliyotuachia marehemu baba!" bado ni taarifa, hata mwigizaji akipasuka koo. Ugomvi ni watu wawili kutaka mambo yasiyoweza kupatikana kwa pamoja, na mara nyingi sauti hubaki ya chini. Asiyejua kweli, kama vile karani au mgeni, anaweza kuelezwa waziwazi, lakini hata yeye awe na haja inayomfanya aulize, na anayejibu awe na sababu ya kupunguza maneno.

Msimulizi usimwongeze, kwa kuwa atayabeba maelezo yale yale na onyesho litabaki halina mvutano. Badala yake, rudi kivukoni. Feri inakaribia gati, na mama ameishika mikononi bahasha ya mwanawe, ambayo ndani yake mna pasipoti. Kijana anaitaka kabla lango la abiria halijafunguliwa. Mama hasemi kwamba baba alikwenda Omani, anasema, "Nambari yake ya simu ya huko unayo? Basi mpigie sasa hivi, nami nisikie akipokea." Kijana hapigi. Deni la shamba liache hadi mtu aje kulidai.