Nilimtoa mwanangu kwenye imbalu kimea kikiwa tayari juani

Kwetu Bugisu, mashariki mwa Uganda, kila mwaka wa shufwa ni mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wetu. Ngoma hufunguliwa Mutoto, karibu na mji wa Mbale, mwezi wa Agosti, kisha kila ukoo unatahiri vijana wake kwa zamu hadi Desemba. Kijana husimama uani bila kutikisika, ngariba tunayemwita umukhebi akamkata mbele ya watu wote. Mimi nilisimama hivyo, na baba yangu vilevile. Mwaka 2022 mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na sita, ikawa zamu yake, nami nikampeleka kliniki.

Nawaandikia wazazi wenzangu wanaofikiria hatua hiyo. Uamuzi wenyewe siujutii. Ninachojutia ni jinsi nilivyoutekeleza.

Sababu yangu ilikuwa mdogo wangu. Alitahiriwa mwaka 2008, damu ikatoka tangu adhuhuri hadi usiku, wazee wakisema itakauka yenyewe. Tulimbeba kwa pikipiki akiwa hajitambui, akaongezewa damu, akapona. Tangu usiku ule nilijua mwanangu hatakatwa mahali ambapo hakuna mtu wa kuziba mshipa. Lakini nilinyamaza miaka kumi na minne. Mke wangu ni Mnubi wa Bombo. Kwao mtoto wa kiume hutahiriwa akiwa mdogo, bila kelele, na nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili. Mimi na yeye tulikubaliana faraghani, nikaona yamekwisha.

Agosti ilipofika kijana akafunga njuga mapajani na kwenda kucheza ngoma ya kadodi na wenzake. Nikaona acha acheze, kucheza hakuna kisu. Hapo ndipo nilipoharibu. Kucheza kule si mchezo: kijana anazunguka kwa jamaa kutangaza kwamba yuko tayari, na kila mlango anaoingia anapewa kitu. Akishapokea amekwisha kuahidi. Katika siku tisa mwanangu alipata kuku saba, shilingi laki moja na elfu themanini, na mbuzi mmoja kutoka kwa shangazi yangu. Huku nyuma baba mkubwa alikuwa ameotesha wimbi, na kimea kilikuwa kimeanikwa juani tayari kusagwa kwa ajili ya pombe. Mimi nikasema neno langu siku hiyo.

Baba mkubwa hakunipigia kelele. Aliuliza, "Ni huyo mwanamke wa Bombo?" Nikakawia kujibu, labda kwa pumzi mbili tu, na hizo pumzi mbili zimemgharimu mke wangu miaka. Mpaka leo wapo wanaoamini yeye ndiye aliyekata imbalu ya ukoo wetu. Kama mwenzako anatoka kabila lingine, jibu lako liwe mdomoni kabla hujaketi mbele ya wazee: ni mimi, mtoto wenu, niliyekataa. Tena nenda peke yako, mwenzako asikaliwe kikao kwa jambo ambalo ni lako.

Mwanangu naye sikuwa nimemwuliza. Nilimwambia. Alilia, na hakulia kwa furaha ya kukwepa maumivu. Wenzake wote wangesimama mwaka ule, na wanaotahiriwa mwaka mmoja hubaki kundi moja maisha yao yote. Wanaitana, wanazikana. Alinijibu, "Baba, mimi kisu sikiogopi." Nikamsimulia habari ya baba yake mdogo, ambayo tulikuwa tumewaficha watoto. Tulizungumza usiku mbili. Usiku wa pili ndipo aliposema tuende. Angesema hapana, sijui ningefanya nini, na hilo nalihesabu kuwa kosa langu: mazungumzo yale yalipaswa kufanyika mwaka mmoja kabla, njuga zikiwa bado ukutani.

Kliniki kwenyewe hakukuwa na makuu. Nilitia saini kwa kuwa hajafika miaka kumi na minane, wakamwuliza chanjo ya pepopunda na kama kuna mtu wa ukoo anayetoka damu kupita kiasi. Walimchoma ganzi, kazi ikaisha kabla sijamaliza chai yangu. Tulirudi baada ya siku mbili kuangaliwa kidonda, tena baada ya juma moja, na wakasisitiza tahadhari kwa majuma sita hata kama ngozi inaonekana imefunga.

Jambo ambalo kliniki hawawezi kukuambia ni hatari inayofuata. Kwetu wapo wanaoshikilia kwamba hospitali haimalizi kazi, kwa sababu umukhebi hukata zaidi. Siku ya tano nikasikia vijana wa ukoo wanataka kumchukua ili "akamilishwe". Nikampeleka Bombo kwa babu yake mzaa mama hadi kidonda kilipopona. Usimpeleke kijana kliniki bila kupanga kwanza atakapolala wiki zitakazofuata.

Zawadi zilinichosha kuliko yote. Nilichukua daftari, nikaandika kila jina na kilichotolewa, nikapita nyumba kwa nyumba kurudisha. Wengi walikataa kupokea, na nikaelewa kwamba kurudisha ni kutukana mara ya pili. Shangazi alimtazama mbuzi wake, akasema, "Mbuzi huyu nilimpa mwanamume. Mwanamume yuko wapi?"

Swali hilo nililala nalo. Nilikuwa nadhani nimeacha kisu, kumbe kwa shangazi kisu ni sehemu ndogo. Alichokuwa akingoja ni siku ya tatu. Kwa desturi, kijana aliyetahiriwa hali kwa mikono yake mpaka umukhebi aje amnawishe, amweleze kazi za mwanamume: shamba, nyumba, namna ya kusema na watu. Baada ya hapo ndipo jamaa humwita musani, mwanamume. Kabla yake ni musinde tu. Mimi nilikuwa nimetupa yote pamoja, nisitenganishe kinachoweza kuua na kinachomfanya mtu awe wa kwao.

Nikarudi kwa shangazi nikamwomba anisaidie tufanye kunawisha, ingawa siku ya tatu ilikuwa imepita zamani. Yeye ndiye aliyemtafuta mzee mmoja, umukhebi aliyestaafu, akakubali kwa sharti kwamba hatatamka maneno yanayomtaja mkataji. Tulifanya Oktoba, uani kwangu. Kimea kile kikapikwa pombe, mbuzi wa shangazi akachinjwa, na mke wangu akamimina maji ya kunawa mbele ya wote. Walikuja watu kama thelathini. Baba mkubwa hakuja.

Hajalegea sana. Mwaka 2024, alipofariki jirani yetu, vijana wa kundi la 2022 waliitwa kuchimba kaburi na mwanangu hakuitwa. Alichukua jembe akaenda mwenyewe. Wawili walimpa nafasi, wengine walimzunguka kana kwamba hayupo. Alirudi jioni na udongo miguuni, hakusema neno, nami sikumwuliza.

Mdogo wake atafikisha miaka kumi na sita mwaka 2028. Safari hii nimeanza naye mapema; anasema bado hajui, nami nimemwambia muda upo. Kisha nilikwenda kwa baba mkubwa kabla hajasikia kwa watu, nikamweleza kwamba kisu cha uani sitakikubali lakini kunawisha kutafanyika siku ya tatu kamili, na ningependa yeye ndiye awe msemaji. Alikaa kimya muda mrefu akichokonoa majivu. Halafu akauliza kama mwaka ule apande wimbi au asipande. Nikamwambia, "Panda, baba."