Maswali na majibu: Mtumiaji akisita, kuna nini?

Nina rekodi za watu wakijaribu programu yetu ya kutuma pesa. Nitajuaje kama mtu amekwama au anasoma tu?

Anza kuhesabu muda pale skrini inapomaliza kufunguka, usije ukamtwika mtumiaji uzito wa mtandao. Kisha mlinganishe na yeye mwenyewe kwenye hatua nyingine, kwa sababu wapo watu wa taratibu kwa kila jambo. Baada ya hapo tazama alichofanya akiwa amesita.

Chukua skrini ya kuthibitisha. Mmoja anatulia, kisha anabonyeza "Thibitisha". Huyo alikuwa anasoma. Mwingine anatulia, anasogeza skrini juu na chini, anarudi skrini ya nyuma, anakuja tena. Huyo anatafuta kitu. Rudisha rekodi nyuma kidogo na uongeze sauti, huenda ukamsikia akinong'ona, "Hii inaenda kwa nani?" Skrini imeonyesha namba ya simu bila jina la mpokeaji. Wabunifu wengi hapa hukimbilia kukuza kitufe, na kusita kunabaki palepale.

Kwenye jedwali lako andika kwanza kilichoonekana: dakika, skrini, kitendo, maneno yake. Sababu iwe na safu yake, ijazwe baadaye.

Rekodi haionyeshi mtu alipogusa pasipofanya kazi. Tufanyeje?

Kwenye simu za Android, washa "Show taps" ndani ya "Developer options" kabla ya kurekodi. Kila mguso utaonekana kama kidoa.

Kidoa kikiangukia pembeni tu mwa kitufe, shida ni ukubwa au nafasi. Mwongozo wa Android unapendekeza eneo la kugusa lisilopungua 48dp kila upande; dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye skrini. Kikiangukia katikati kabisa ya kichwa cha habari chenye rangi, mtu hakukosea shabaha. Alidhani kile ni kitufe. Vidoa vingi vya harakaharaka mahali pamoja mara nyingi husema programu haikumjibu, na kwenye kutuma pesa hilo lichunguzwe mara moja: je, muamala umekwenda mara mbili?

Tuliwaomba waseme wanachowaza huku wakitumia. Muda wao bado una maana?

Kuongea hubadilisha mwendo wa mtu, kwa hiyo usitangaze kwamba kutuma pesa kunachukua muda fulani. Rekodi hizo zitumie kujua mahali wanaposita. Pia weka alama kila msimamizi anapouliza swali. Kimya kinachofuata huenda amekisababisha yeye.

Watu watano wanatosha?

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu na tovuti, alipendekeza watano kwa kila raundi ya majaribio, kwa kazi ya kugundua matatizo, si kuyapima. Wawili wakikwama, andika "wawili kati ya watano". Ukiandika asilimia 40, bosi ataichukua kama hesabu ya wateja wote.