Mpango wa insha: tajiriba ya kidini mbele ya maelezo ya kimaumbile

Katika somo la falsafa ya dini, swali hili hurudi karibu kila mwaka kwa maneno tofauti: je, hoja ya kuwepo kwa Mungu inayotokana na tajiriba za kidini inasimama mbele ya maelezo ya kimaumbile, yaani yale yanayozieleza tajiriba hizo kwa ubongo, mwili na mazingira bila kumhitaji Mungu? Tuchukulie umepewa maneno 1500. Yagawe hivi: 150 utangulizi, 350 hoja yenyewe, 650 maelezo ya kimaumbile, 250 mgongano wa dini, 100 hitimisho. Sehemu ya tatu inakula karibu nusu kwa sababu ndiyo inayoulizwa. Insha nyingi hupoteza alama kwa kumaliza kurasa mbili za mwanzo zikisimulia maono ya watakatifu, kisha kulitupia swali lenyewe aya moja ya haraka.

Kwenye utangulizi, sema kwanza ni tajiriba ipi unayoijadili. Mwanafalsafa na mwanasaikolojia William James, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1902, alitaja alama nne za tajiriba ya fumbo: haielezeki kwa maneno, mhusika huhisi amejulishwa jambo, haidumu, na humjia mtu bila yeye kuiongoza. Usizieleze zote nne. Unayoihitaji ni ya pili, kwa sababu ndiyo inayoigeuza tajiriba kuwa ushahidi. Mtu aliyesisimka mwili kwaya ilipoimba amepata hisia tu. Mtu anayesema alitambua kwamba yuko mbele ya mwingine, ambaye si yeye, ametoa dai kuhusu ulimwengu, na dai linaweza kuwa kweli au uongo. Funga utangulizi kwa msimamo unaopimika, kwa mfano: "Maelezo ya kimaumbile hayaivunji hoja hii kwa kuonyesha tu kwamba ubongo unahusika, huidhoofisha pale tu yanapoonyesha kwamba tajiriba ileile ingetokea hata kama Mungu hayupo." Ukiwa na sentensi ya namna hiyo, kila aya inayofuata ina kazi ya kufanya.

Sehemu ya pili ni hoja yenyewe, na ya kuchagua ni ile ya mwanafalsafa Richard Swinburne ya mwaka 1979, kwa kuwa ndiyo iliyojengwa kukabiliana na pingamizi hizi. Iandike kwa hatua. Kwanza, jambo likimwonekania mtu kuwa lipo, basi huenda lipo, isipokuwa pawe na sababu mahususi ya kutilia shaka. Pili, watu wakitueleza waliyoyaona, tuwaamini mpaka tupate sababu ya kutowaamini. Tatu, watu wengi wanasema wamemtambua Mungu. Kwa hiyo, huenda Mungu yupo.

Usiiache hatua ya kwanza ikining'inia. Mweleze msomaji kwa nini mtu mwenye akili timamu aikubali. Sababu ni kwamba hatuna njia ya kuyathibitisha macho bila kuyatumia macho, wala kumbukumbu bila kutegemea kumbukumbu. Tukidai uthibitisho kabla ya kuamini chochote, hatutaamini chochote, si Mungu tu. Hapo ndipo mzigo wa uthibitisho unapohama: anayepinga ndiye anayepaswa kuonyesha kasoro.

Kisha taja njia nne ambazo Swinburne mwenyewe anakubali kuwa zinaweza kulivunja dai. Huenda mhusika si wa kutegemewa, au alikuwa katika hali isiyo ya kutegemewa, kama vile kulevywa na dawa. Huenda madai ya aina hiyo, katika mazingira kama hayo, yamekwisha kuonekana kuwa ya uongo. Huenda kuna ushahidi mzito kwamba kilichodaiwa hakikuwepo. Au kilikuwepo, lakini si chenyewe kilichosababisha tajiriba. Njia hizi nne ndizo utakazozitumia katika sehemu ya tatu, kwa hiyo zieleze kwa maneno yako mwenyewe, usizinakili tu.

Sasa sehemu kubwa. Anza kwa kuliondoa kosa linaloharibu insha nyingi, lile la kusema "sayansi imegundua kwamba ni ubongo tu." Ukitazama embe mezani, sehemu fulani za ubongo wako hufanya kazi, na mtaalamu mwenye vifaa anaweza kuzionyesha. Hakuna anayehitimisha kwamba embe halipo. Kama Mungu yupo na anajidhihirisha kwa binadamu, bila shaka ubongo utahusika, maana binadamu hana kingine cha kutambulia akiwa hai. Kwa hiyo picha ya ubongo wa mtawa anayesali, peke yake, haielekei upande wowote. Mpinzani anahitaji zaidi ya hapo: aonyeshe kwamba mchakato unaozaa tajiriba hauathiriwi na kuwepo au kutokuwepo kwa kinachodaiwa. Embe likiondolewa, hulioni tena. Je, tajiriba ya kidini nayo ingetoweka kama Mungu asingekuwepo?

Kesi ya kuichambua ni jaribio la Ijumaa Kuu ya mwaka 1962. Mtafiti Walter Pahnke aliwakusanya wanafunzi 20 wa theolojia katika kanisa la Chuo Kikuu cha Boston. Kumi walipewa silosibini, kemikali inayopatikana katika uyoga fulani, na kumi wakapewa niasini, vitamini inayoleta joto na wekundu usoni, ili wadhani nao wamepewa dawa. Wote walisikiliza ibada ileile. Karibu wote waliopata silosibini walieleza mambo yanayofanana sana na yale ya watu wa fumbo wa zamani. Katika kundi la pili, waliofikia hapo walikuwa wachache sana.

Mwanafunzi asiye makini huishia hapo na kuandika kwamba dawa huzaa Mungu. Wewe endelea. Usiri wa jaribio ulivunjika mapema, kwani baada ya muda mfupi ilikuwa dhahiri nani amepewa nini. Isitoshe, wote walikuwa wanafunzi wa dini, kanisani, siku ya Ijumaa Kuu, kwa hiyo hatuwezi kuitenga kazi ya dawa na kazi ya matarajio. Na mtafiti mwingine, Rick Doblin, alipowatafuta washiriki na kuchapisha matokeo mwaka 1991, wale wa kundi la dawa aliowahoji bado waliiheshimu tajiriba ile, lakini ilibainika pia kwamba mmoja wao alifadhaika hadi akapewa dawa ya kumtuliza, jambo ambalo taarifa ya mwanzo haikulisema.

Jaribio hili basi linathibitisha nini? Kwamba tajiriba yenye sura ya kidini inaweza kuletwa kwa kemikali, mazingira yakisaidia. Hilo linaingia kwenye njia ya kwanza ya Swinburne, na linagusa madai ya waliotumia dawa. Ili liwaguse wasiotumia, mpinzani lazima aongeze hatua: kwamba mwili hutengeneza hali kama hiyo kwa njia nyingine. Hatua hiyo inawezekana, lakini iandike waziwazi kama hatua inayohitaji ushahidi wake.

Ijaribu kwa mfano ulio karibu. Muumini amefunga siku tatu, yuko kwenye mkesha wa maombi, na saa tisa usiku anahisi mtu amesimama pembeni yake. Njaa na kukosa usingizi vinajulikana kuleta njozi, hivyo hapa mpinzani ana la kusema, na mwanafalsafa Bertrand Russell aliwahi kulisema akilinganisha anayekula kidogo akaona mbingu na anayekunywa pombe sana akaona nyoka. Jibu la mwanafalsafa mwenzake, C. D. Broad, linafaa sana kuwekwa papo hapo: kama kuna upande wa uhalisia usiofikiwa na akili iliyozama katika shughuli za kila siku, huenda hali ya mwili isiyo ya kawaida ndiyo inayoufungulia mlango. Wapime wote wawili. Udhaifu wa Broad ni kwamba anachosema ni "huenda", na hiyo haitoshi kuurudisha uaminifu uliotiwa shaka. Udhaifu wa Russell ni kwamba nyoka wa mlevi tunaweza kwenda kumtafuta tukamkosa, ilhali kwa Mungu hatuna kipimo cha aina hiyo. Kisha mbadilishe muumini: ameshiba, amelala vizuri, yuko shambani mchana. Pingamizi la njaa limekwisha. Msomaji ataona wazi kwamba nguvu ya maelezo ya kimaumbile hutofautiana kesi kwa kesi.

Jihadhari na kofia ya mtafiti wa ubongo Michael Persinger. Wanafunzi huitaja kama jambo lililokwisha kuthibitishwa, kwamba sumaku dhaifu kichwani huleta hisia ya kuwepo kwa mwingine. Mwaka 2005 Pehr Granqvist na wenzake nchini Uswidi walirudia jaribio bila washiriki wala wasimamizi kujua nani amewashiwa sumaku, wakakuta sumaku haileti tofauti. Kilichotabiri tajiriba ni tabia ya mtu kuwa mwepesi wa kushawishika. Persinger alipinga namna walivyofanya. Ukiitaja kofia bila kutaja mabishano haya, mtahini anayelifahamu suala atajua hukusoma. Lakini usikimbilie kushangilia kwa niaba ya waumini: ushawishikaji nao ni maelezo ya kimaumbile, tena mazito kuliko sumaku, kwa sababu hauhitaji kofia.

Maliza sehemu hii kwa jibu la Swinburne. Mungu, kama yupo, ndiye anayezitegemeza sababu zote za ulimwengu, zikiwemo za ubongo; kwa hiyo kumwondoa kwenye mnyororo wa sababu kunadai kwanza uonyeshe kwamba hayupo. Jibu hili lina nguvu, lakini lina gharama ambayo waandishi wengi huipita bila kuitaja. Likikubaliwa kwa upana huo, njozi ya mgonjwa wa homa nayo imesababishwa na Mungu kwa maana hiyohiyo, na njia ya nne inakosa kazi. Andika hivyo kwa ujasiri. Ni moja ya hoja bora utakazokuwa nazo.

Mgongano wa dini upitie kwa ufupi. Mmoja hukutana na Mungu anayeongea naye, mwingine, kama katika Uhindu wa Advaita, hukuta umoja usio na mwongeaji wala msikilizaji. Mtetezi anaweza kusema wote wamegusa kitu kimoja na kukitafsiri kwa mafunzo yao. Sawa, lakini angalia kilichobaki: kuna uhalisia fulani unaopita huu, bila jina, nia wala upendo. Hoja imeokolewa kwa kupunguziwa hitimisho.

Katika hitimisho, sema ni kiasi gani cha hoja kimebaki kwa aina ipi ya tajiriba, na usilete jambo jipya. Maneno yakizidi, punguza kwanza James, kisha kofia. Jaribio la 1962 na gharama ya jibu la Swinburne viache kama vilivyo.