Wingu linaanzia wapi juu ya Goma?

Asubuhi naona Nyiragongo yote mpaka kileleni. Saa sita kichwa kimefunikwa. Lile wingu linatoka wapi? (Motari, Katindo)

Halitoki popote, ndugu yangu. Linazaliwa palepale unapoliona. Usiku hewa iliyopoa kwenye miteremko inatelemka kuja ziwani, kwa hiyo kilele kinabaki wazi. Jua likishachoma yale mawe meusi ya volkano, hewa iliyoyagusa inapata joto na kuanza kupanda, na nyuma yake inavutwa hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Kivu. Mvuke uliomo hauonekani kwa macho. Hewa ile ikifika mahali ambapo imepoa kiasi cha kushindwa kuubeba mvuke wake, mvuke unashika vumbi laini na chembe za moshi, pamoja na ule wa makaa yetu, na kugeuka vitone. Hapo ndipo unaona weupe. Joto ambalo vitone vinaanzia tunaliita kiwango cha umande.

Lakini kupanda juu ni kukaribia jua. Mbona hewa inapoa? (Mwanafunzi, Ndosho)

Hewa haipashwi sana na miale ya jua moja kwa moja. Inapashwa na ardhi, na kupanda ni kuiacha ardhi. Ila sababu kubwa ni nyingine. Juu, mgandamizo ni mdogo, basi hewa inayopanda inatanuka, na kutanuka kunakula joto lake yenyewe. Bonyeza valvu ya tairi la pikipiki lililojaa, uweke kidole mbele yake: upepo unaotoka ni baridi, ingawa hakuna aliyeupoza. Hewa ambayo bado haijafanya wingu inapoteza karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100 inazopanda.

Mimi naweza kujua wingu litaanzia urefu gani bila mashine? (Mama mwalimu, Himbi)

Mama, unaweza, na mimi napenda sana kulifanya jambo hili. Tafuta kopo la nyanya, ulitoe karatasi mpaka bati ling'ae, pamoja na kipimajoto. Kaa nje kivulini, mbali na sufuria inayochemka. Kwanza pima joto la hewa. Kisha tia maji ya kawaida kwenye kopo, ongeza barafu kidogokidogo huku unakoroga, na uangalie bati. Litang'aa, litang'aa, halafu ghafla litafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Soma joto la maji hapohapo. Ukitia barafu nyingi kwa mara moja utapitiliza na kusoma namba ya chini mno. Kwa hiyo acha maji yapate joto tena, usome ukungu unapofutika, na uchukue katikati ya namba hizo mbili. Wala usiliinamie kopo: pumzi yako ina unyevu mwingi kuliko hewa ya nje.

Tuseme hewa ni nyuzi 25 na kopo limefifia kwenye nyuzi 16. Tofauti ni 9. Hewa ikipanda mita 100 inapoa nyuzi 1, lakini kiwango cha umande nacho kinashuka kidogo, kama nyuzi 0.2, kwa sababu mvuke umetawanyika katika hewa iliyotanuka. Tofauti inapungua basi nyuzi 0.8 kwa mita 100, yaani kila nyuzi 1 inahitaji mita 125. Mara 9, ni mita 1,125 juu ya vichwa vyetu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Tako la wingu litakuwa kwenye mita 2,600 na kitu. Nyiragongo ina mita 3,470. Zaidi ya mita 800 za mlima zimo ndani ya wingu, kama motari wetu alivyoona.

Hesabu hii ni ya mchana, hewa inapopanda kweli kutoka chini. Alfajiri haifai: hewa ya ardhini ni baridi, imelala, na wingu unaloliona halikutoka kwako. Mvua ikiwa imetoka kunyesha pia itakudanganya.

Kwa nini mawingu yana tako bapa na vichwa vya kuvimba? (Mvuvi wa sambaza)

Tako ni bapa kwa sababu hewa ya eneo moja inafikia kiwango cha umande kwenye urefu uleule. Juu yake mambo yanabadilika. Mvuke ukigeuka maji unarudisha joto, kwa hiyo hewa ndani ya wingu inapoa polepole, kama nusu ya mwanzo. Inabaki na joto kuliko jirani zake na inazidi kusukuma juu, inatokota kama uji mzito. Mzee, ukiwa ziwani ukaona vichwa hivyo vinaongezeka kimo haraka kabla ya saa nane, elekeza mtumbwi pwani.